Nimelipa kupangiwa kurasa za riwaya yangu, na mgongo wa kitabu umemeza maneno

Wanajukwaa, nimeshika nakala ya kwanza kati ya nakala 200 za riwaya yangu, na hasira nilizo nazo sijui nizipeleke wapi. Mpanga kurasa niliyemlipa aliniahidi, kwa ukubwa wa A5, pambizo ya milimita 22 upande wa mgongo na milimita 14 upande wa nje, na nambari ya ukurasa kwenye pembe ya nje, chini. Sura tatu za kwanza ziko hivyo hivyo. Kuanzia sura ya nne, maneno yamezama kwenye mkunjo kiasi kwamba ili nisome neno la mwisho la mstari katika ukurasa wa kushoto inanibidi nikikandamize kitabu kwa dole gumba mpaka gundi ilie. Nambari za kurasa zimezama humo humo, na upande wa nje umebaki uwazi mpana usio na kazi. Sura tulizokubaliana zifunguke kulia sasa zinafunguka kushoto. Linaloniudhi zaidi ni kwamba sura ya saba hadi ya tisa ziko sawa kabisa, kisha kuanzia ya kumi uharibifu unarudi. Mpanga kurasa anasema faili lake ni safi. Mchapaji anasema alichapa alicholetewa. Nani ananidanganya?

Kalamu Nzito: Pole sana, ndugu. Kitabu cha gundi hakilali wazi, hivyo milimita 14 upande wa mgongo hazitoshi. Mwambie aweke 22 pande zote mbili na tatizo litakwisha.

Bintikalamu: Hata mimi yalinikuta. Nilisema wazi kwamba ukurasa unaofungua sura usiwe na jina la kitabu juu yake, lakini wakaliacha kwenye sura zote. Wewe walikuondolea?

Mleta mada: Dada, hilo waliliondoa vizuri. Kilio changu ni mgongo.

Fundi wa Kurasa: Mleta mada, kabla hujagusa pambizo, tazama sura ya tatu inaishia ukurasa wa ngapi na ya nne inaanzia wa ngapi.

Mleta mada: Inaishia 57. Ya nne inaanzia 59. Ukurasa wa 58 haupo popote!

Fundi wa Kurasa: Basi pambizo hazina kosa. Sura ikiishia ukurasa wa kulia na inayofuata ikalazimishwa kuanza kulia, programu huingiza ukurasa mtupu katikati. Faili lako lilipogeuzwa kuwa PDF, ukurasa huo mtupu uliachwa nje, kwa hiyo ukurasa wa 59 ukachapwa nyuma ya 57, yaani kushoto, na kila kilichopangwa kuwa upande wa nje kikageukia mgongoni. Bila shaka mtupu wa pili umeachwa kabla ya sura ya saba, ndiyo maana kurasa zikarudi mahali pake, na wa tatu kabla ya sura ya kumi. Nambari ya mwisho ya kitabu ni ipi, na PDF ina kurasa ngapi?

Mleta mada: Nambari ya mwisho ni 318, na hesabu inaanzia jani la kwanza kabisa. PDF ina 315. Ameniambia anatumia LibreOffice.

Fundi wa Kurasa: Zimepungua tatu. Wakati wa kutoa PDF kuna kisanduku kilichoandikwa `Export automatically inserted blank pages`, hakukiwekea alama. Akiiweka, faili litatoka na kurasa 318. Ushauri wa 22 pande zote usiufuate, kwa sababu upana wa maandishi utashuka kutoka milimita 112 hadi 104, kurasa zitaongezeka, mgongo utanenepa na jalada ulilokwisha kulilipia halitalingana, ilhali nambari zitabaki mkunjoni.

Kalamu Nzito: Nimekuelewa kuhusu pambizo. Lakini mleta mada, si uliidhinisha faili?

Mleta mada: Niliidhinisha, ndiyo, kwa kulipitia kwenye simu ukurasa mmoja mmoja, na kila ukurasa ukiwa peke yake hauna dosari hata moja. Mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo ndiye aliyepaswa kulitazama kurasa mbili mbili, ule wa kwanza ukikaa peke yake kulia, kama kitabu kinavyofunguka.

Fundi wa Kurasa: Hapo nakuunga mkono. Ila mchapaji simlaumu; yeye huangalia ukubwa wa karatasi na idadi ya kurasa, si nambari zilizoandikwa juu yake.

Bintikalamu: Mimi namlaumu. Aliyezikata na kuzibandika nakala 200 hakukifungua kitabu hata kimoja akaona nambari ya shufwa iko kulia?

Mleta mada: Kesho nawakutanisha wote wawili, nikiwa nimekifungua kitabu pale 57 inapofuatwa na 59. Nakala 199 zilizobaki sitazipokea.