Naomba ushauri: mchezo wa kumvusha mtoto kumi

Habari zenu wakuu. Mwanangu ana miaka 7, na akiona daftari la hesabu tu, ananuna. Nikaacha daftari, nikakata karata 18 za boksi, namba 1 hadi 9 mara mbili. Tunazifunika, kila mtu anafunua mbili. Jumla yake ikiwa 10, anazichukua. Wiki ya pili alikuwa ananifunga (na kunicheka juu). Ukimtajia 7, anajibu 3 papo hapo.

Tatizo ni 8 + 5. Hapo anarudi kwenye vidole, anahesabu yote kuanzia moja. Hajaona kwamba 5 inaweza kumpa 8 mbili, ikawa 10, zikabaki 3.

Nilijaribu mchezo wa simu wenye majibu matatu ya kuchagua. Alama zilipanda haraka, ila nilipoziba majibu kwa kiganja akakwama. Kumbe alikuwa anabahatisha.

Nafikiria kuchora ubao wa vyumba 10, turushe dadu, ajaze kwa vizibo, vinavyozidi avipeleke ubao wa pili. Kuna aliyejaribu? Na vizibo mliviondoa lini bila mtoto kurudi kwenye vidole?