Mrejesho: hukumu tatu, kura ya wengi

Swali langu lilikuwa: "Modeli ya akili bandia inayosahihisha majibu leo inasema 'sahihi', kesho 'kosa', kwa jibu lilelile. Nikiiendesha mara tatu na kufuata wengi, itatulia?"

Inatulia, ila kwa makosa ya bahati tu. Chukua modeli inayokosea mara 20 kwa kila hukumu 100. Kama kosa la hukumu moja halitegemei la nyingine, ili wengi wakosee lazima hukumu mbili au zote tatu ziwe mbovu: 3 × 0.2² × 0.8 + 0.2³ = 0.104. Makosa yanashuka hadi kama 10 kwa 100.

Gharama si lazima iwe mara tatu. Endesha mbili kwanza. Zikikubaliana, ya tatu haiwezi kubadili chochote, iache. Kwa mfano huu zinapingana mara 32 kwa 100, kwa hiyo wastani ni hukumu 2.32 kwa kila jibu, na matokeo ni yaleyale.

Penye shida ni hapa: swali ambalo modeli hulikosea mara 60 kwa 100, kura ya wengi hulifikisha karibu 65. Upendeleo hauponi kwa kurudia. Kwa mfano, ukiipa majibu mawili iyalinganishe na ikapenda lililowekwa kwanza, itapenda hivyo mara zote tatu, na 3–0 itaonekana kama uhakika. Geuza mpangilio wa majibu katika mzunguko mmojawapo. Hukumu ikigeuka nayo, mpe binadamu ayasome majibu. Na ukiweka `temperature`, kipimo cha ubahatishaji wa modeli, kuwa 0, mara nyingi unalipia nakala tatu za hukumu moja.