Naomba ushauri: uvimbe kwenye kizazi na upungufu wa damu

Ndugu wanakikundi, nawasalimu. Nina miaka 38 na ninauza ndizi sokoni Mbuyuni, hapa Moshi. Kwa miaka miwili hedhi yangu imekuwa ya siku tisa, yenye mabonge, nikibadilisha pedi karibu kila saa, na nimechoka kiasi cha kuutua mkungu njiani mara tatu kabla ya kuufikisha mezani. Nami niliamini ni kazi tu. Mwezi uliopita hemoglobini ilikuwa 7.4, ilhali mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na angalau 12, na ultrasaundi ikaonyesha uvimbe wa sentimita 3 uliochomoza ndani ya mji wa mimba. Daktari alisema huo ndio unaosababisha damu, na kwamba unaweza kutolewa kwa kifaa kinachopitishwa ukeni, bila kupasua tumbo. Machozi yalinitoka, maana nilidhani nitaondolewa kizazi.

Kwa sasa ninameza vidonge vya madini ya chuma, na nimeacha kuvinywa pamoja na chai kwa kuwa chai hupunguza ufyonzwaji wake.

Naomba kuuliza: waliotolewa uvimbe kwa njia hii walisubiri damu ipande hadi kiasi gani, na walirudi kubeba mizigo baada ya siku ngapi?