Tupeane uzoefu: kai-skwea au Fisher, jedwali dogo lenye seli tupu

Bint Mwalo
Habari zenu wana takwimu. Nimekusanya dodoso kwa wachakataji wa dagaa kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Victoria, wahojiwa 15 tu. Swali langu: je, aliyepata mafunzo anakausha tofauti na asiyepata? Waliopata mafunzo ni 5: wawili wanatumia chanja, watatu wanaanika mchangani, hakuna anayekaanga. Wasiopata ni 10: hakuna wa chanja, sita mchangani, wanne wanakaanga. Kai-skwea imenipa 6.0 kwa digrii 2 za uhuru, p = 0.0498. Fisher imenipa p = 0.0749. Msimamizi anataka kai-skwea. Nyie mliopitia haya mlifanyaje?

Kaka Jedwali
Dada, hilo halina mjadala. Ukiona sifuri kwenye seli, kai-skwea imekufa, hamia Fisher. Mimi tasnifu yangu ilikuwa na sifuri mbili kwenye jedwali la watu 200 na zaidi, nikaweka Fisher, ikapita bila swali.

Mwalimu Hesabu
Kaka, kwa jedwali la Bint Mwalo nakubaliana nawe kuhusu kuhamia Fisher, ila sababu siyo sifuri. Kai-skwea haijali seli ina watu wangapi, inajali ingetarajiwa kuwa na wangapi kama mafunzo na ukaushaji havihusiani. Unazidisha jumla ya mstari kwa jumla ya safu, unagawa kwa wahojiwa wote. Wenye mafunzo na chanja: 5 mara 2 gawa kwa 15, ni 0.67. Ukizipiga zote sita, ni seli moja tu inayovuka 5, ile ya wasio na mafunzo wanaoanika mchangani, yenye 6. Kanuni ambayo wengi tunaifuata ilitolewa na Cochran mwaka 1954: seli zenye idadi tarajiwa chini ya 5 zisizidi asilimia 20, na isiwepo hata moja chini ya 1. Hapa vyote viwili vimevunjwa.

Kwenye watu 200 mambo hugeuka. Seli iliyotarajiwa kuwa na 12 ikakutwa na 0 haina tatizo lolote kwa kai-skwea. Sifuri hiyo ndiyo habari yenyewe.

Ngosha
Wanaotumia SPSS msiruke ule mstari mdogo chini ya jedwali la majibu. Kwa data ya dada utasomeka hivi: `5 cells (83.3%) have expected count less than 5. The minimum expected count is .67.` Nimepitia kazi nyingi za wanafunzi, na mstari huo hukatwa wakati wa kunakili jedwali kwenye Word. Jingine: SPSS hutoa Fisher yenyewe kwa jedwali la mbili kwa mbili tu. Likiwa kubwa zaidi lazima ubonyeze `Exact` ndani ya `Crosstabs`, na kama moduli hiyo haikununuliwa hutakiona hicho kitufe. Kwenye R ni bure:

```
m <- matrix(c(2, 0, 3, 6, 0, 4), nrow = 2)
chisq.test(m)$expected
chisq.test(m)
fisher.test(m)
```

Mama Samia wa Utafiti
Na mimi nina seli tupu nyingi. Niliwauliza akina mama wanapata wapi habari za lishe, wachague yote yanayowahusu: redio, kliniki, jirani, simu. Wengine wametia tiki tatu, wengine moja. Nitumie Fisher?

Mwalimu Hesabu
Hapana mama, wala kai-skwea. Mama mmoja akitia tiki tatu amehesabiwa mara tatu kwenye jedwali, na majaribio yote mawili yanadai kila mtu akae kwenye seli moja. Geuza kila chanzo kuwa swali lake la ndiyo au hapana, kisha uchambue kimoja kimoja.

Mama Samia wa Utafiti
Basi nitakuwa na majedwali manne. Nitarudi na maswali.

Kaka Jedwali
Mwalimu, sawa kuhusu idadi tarajiwa. Lakini kwa nini dada asiunganishe safu tu? Chanja peke yake, hizo nyingine ziwe "njia nyingine", amalize.

Mwalimu Hesabu
Nimelipiga. Akiweka chanja dhidi ya nyingine zote, Fisher inatoa 0.095. Akiweka kukaanga dhidi ya nyingine zote, inatoa 0.23. Data ni ile ile, ila kila muunganiko unauliza swali lake. Kama lengo la mafunzo lilikuwa chanja na hilo liliandikwa kwenye pendekezo la utafiti, muunganiko wa kwanza unakubalika. Ukiunganisha baada ya kuona p, unachagua jibu.

Bint Mwalo
Nieleweshe hiyo 0.0749 inatoka wapi, maana nikiulizwa ukumbini sitaki kusema "kompyuta ilisema".

Mwalimu Hesabu
Shika jumla zako kama zilivyo: 5 na 10 kwa mistari, 2, 9 na 4 kwa safu. Kati ya watu 15, kuchagua 5 wawe ndio wenye mafunzo kuna njia 3003. Njia hizo zinaangukia kwenye majedwali 14 tofauti, hakuna zaidi. Jedwali lako linapatikana kwa njia 84. Sasa kusanya kila jedwali linalopatikana kwa njia 84 au pungufu. Yapo sita, na njia zake ni 84, 72, 54, 9, 4 na 2. Jumla 225. Gawa kwa 3003, ndiyo 0.0749. Unaweza kuifanya yote kwa kalamu.

Ngosha
Hapo sasa mimi na mwalimu tunaachana kidogo. Hilo la njia 72 ni adimu kuliko la dada, lakini kai-skwea yake ni 5.4, ndogo kuliko 6.0. Yaani kwa kipimo cha umbali halijafika mbali kama la dada. Ukihesabu kwa kai-skwea juu ya majedwali yale yale 14, hilo linatoka, zinabaki njia 153, na p ni 0.0509. Ndiyo hesabu inayokaribiwa na R ukiandika:

```
chisq.test(m, simulate.p.value = TRUE, B = 10000)
```

Ukirudia itayumba kidogo, kwa hiyo anza na `set.seed`. Mimi naiona bora, maana Fisher hujulikana kwa ubahili kwenye sampuli ndogo.

Mwalimu Hesabu
Hoja yako ina uzito, Ngosha. Tena jumla za safu hazikupangwa na mtafiti, watu walijichagulia njia. Ila ningependa achague moja kabla ya kuziona zote, na bahati mbaya ameshaziona. Kwangu ni Fisher. Kati ya 0.0498 na 0.0509 sioni tofauti ya kubishania, na hiyo 0.0498 ina sura ya uhakika ambayo idadi tarajiwa ya 0.67 haiwezi kuibeba.

Kaka Jedwali
Msimamizi wake atasema 0.0498 ni chini ya 0.05, basi.

Mwalimu Hesabu
Ampelekee ule mstari alioutaja Ngosha, pamoja na jedwali zima lenye namba za watu. Lakini Bint Mwalo, kabla ya p yoyote: hao wawili wa chanja wanafahamiana?

Bint Mwalo
Ni mtu na mdogo wake, mwalimu. Chanja ni moja, wanaitumia pamoja.

Mwalimu Hesabu
Basi huo ni uamuzi mmoja ulioandikwa mara mbili, na hakuna kati ya majaribio haya linalolijua hilo. Angalia na wale wanne wanaokaanga kama wanachangia karai.

Bint Mwalo
Wawili nafikiri ni wa kaya moja. Dodoso lina namba ya kaya, naenda kuhesabu upya kwa kaya.