Nimelipia ushauri wa kisheria wa kifungu kimoja, nimeandikiwa "kina utata, mjadiliane"

Mtunza Mitambo

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Kampuni yetu inatunza pampu za maji za mteja mmoja mkubwa. Kifungu cha 6 cha mkataba kinasema: "Mtoa huduma atalipwa ndani ya siku 30 baada ya kuwasilisha ankara na ripoti ya kazi iliyokubaliwa." Kwa zaidi ya mwaka tumelipwa bila maneno. Kaingia mhasibu mpya, sasa tunaambiwa siku 30 hazianzi kuhesabiwa mpaka meneja aikubali ripoti kwa sahihi yake. Ripoti zinalala mezani kwa meneja, na hakuna hata mmoja anayesema kazi ina kasoro.

Tukaenda kwa wakili, tukalipa, tukapewa waraka wa kurasa mbili. Kafungua kamusi, kaona kukubaliwa ni kuafikiwa au kuridhiwa. Kasema "iliyokubaliwa" inaweza kuwa ya ripoti au ya kazi, maana upatanisho ni uleule. Kisha kahitimisha kwamba kifungu kina utata, kila upande una hoja, mjadiliane. Utata ndio ulionipeleka kwake! Nilitaka aniambie upi usomaji wenye nguvu na kwa nini.

Na mkataba mzima alikuwa nao. Kiambatisho cha kwanza kinaitwa "Orodha ya kazi zilizokubaliwa", yaani kazi tulizoafikiana kabla hata ya kuanza. Kifungu cha 9 kinampa mteja siku 7 tangu apokee ripoti aandike pingamizi, na akinyamaza "kazi itahesabiwa imekamilika". Sasa kama angeweza kuzuia malipo kwa kutosaini tu, hizo siku 7 ziliwekwa za nini? Waraka haukitaji kifungu cha 9 popote. Kuhusu malipo ya nyuma kaandika sentensi moja: "mwenendo wa wahusika unaweza kuangaliwa." Uangaliwe na nani, kama si yeye tuliyemlipa?

Kiboko ya Mikataba

Mkuu, hapo umeshashinda. Utata husomwa dhidi ya aliyeuandika mkataba. Mwambie wakili wako atumie hiyo kanuni, kesi imeisha.

Mtunza Mitambo

Rasimu ya kwanza ilikuwa yetu. Upande wao wakaipitia na kuongeza vifungu, kikiwemo hicho cha 9.

Mzee wa Rasimu

Kiboko, kanuni hiyo ipo, lakini huja mwisho kabisa, baada ya maana ya kawaida na muktadha kushindwa kutoa jibu. Na hapa mikono ya pande zote mbili imepita kwenye rasimu, tena ya kwanza ilikuwa ya mleta uzi. Ikigeuzwa inamuumiza yeye.

Mleta uzi, hasira yako ina msingi. Kamusi inakuonyesha maana zinazowezekana, haikuchagulii. Swali ni mtu mwenye busara, anayejua biashara yenu, angeelewa nini akisoma kifungu ndani ya mkataba mzima siku mliyosaini. Hoja ya kifungu cha 9 ni nzito, kwa sababu usomaji unaokifanya kifungu kingine kikose kazi huwa dhaifu. Kuwa mwangalifu tu na hilo la nani aliongeza nini. Kifungu cha 9 kisomwe kama kilivyo. Rasimu na mazungumzo ya kabla ya kusaini, mahakama zinazofuata mkondo wa Kiingereza kwa kawaida hazivipokei kama ushahidi wa maana.

Nikuulize: mkataba ulipotaka idhini ya meneja mahali pengine, ulisemaje?

Mtunza Mitambo

Kifungu cha 11, cha vipuri: "vitanunuliwa kwa idhini ya maandishi ya meneja."

Mzee wa Rasimu

Basi hilo ndilo lilipaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa waraka wako. Walipotaka sahihi ya meneja waliitaja kwa jina lake. Kwenye malipo hawakuitaja. Huhitaji kamusi hapo.

Neema K

Samahani naingilia. Mwenye nyumba wangu kaandika "amana itarudishwa baada ya ukaguzi" na mwaka wa pili huu hataki kukagua. Ni kesi ileile?

Mzee wa Rasimu

Hapana, dada. Kwako maneno hayana utata, kilichokosekana ni muda. Hapo huulizwa muda unaofaa kwa jambo kama hilo ni upi. Fungua uzi wako, nitakuja.

Kiboko ya Mikataba

Sawa, lakini mwaka mzima wamelipa bila sahihi. Hiyo si inatosha? Vitendo vinasema kuliko maandishi.

Mzee wa Rasimu

Inategemea sheria inayotawala mkataba, na hapa ndipo wakili alipopita mbio. Katika sheria ya Kiingereza, kesi ya Schuler dhidi ya Wickman, iliyoamuliwa 1973, ilisisitiza kwamba matendo ya baada ya kusaini hayatumiki kutafsiri mkataba. Humo humo walikataa usomaji ambao ungeruhusu mkataba mzima uvunjwe kwa kukosa ziara moja tu kati ya zaidi ya 1,000 za wiki kwa wiki, kwa kuwa matokeo yake hayakuingia akilini. Hoja hiyo ya pili inakufaa bila kugusa malipo hata kidogo. Kwingine, Marekani mathalani, mahakama hupokea mwenendo wa utekelezaji kwa urahisi zaidi, na Kanuni za UNIDROIT za mikataba ya biashara ya kimataifa zinautaja wazi kwenye ibara ya 4.3. Mkataba wako unasema sheria ya wapi?

Mtunza Mitambo

Hausemi. Una kifungu cha utatuzi wa migogoro kwa msuluhishi, basi.

Mzee wa Rasimu

Basi hilo lilitakiwa kuulizwa kwanza. Sasa twende kwenye ripoti zenyewe. Zina alama gani?

Mtunza Mitambo

Nimezitoa kwenye faili zote. Nyingi zina muhuri wa mapokezi tu, "IMEPOKELEWA", na tarehe. Mbili zina neno "Sawa" kwa kalamu ya buluu na kifupi cha jina la mhandisi wa zamu, si meneja. Wanadai hizo mbili ndizo ushahidi kwamba ripoti ilikuwa inakubaliwa kwanza.

Mzee wa Rasimu

Usizifiche. Angalia malipo ya hizo mbili yalihesabiwa kuanzia tarehe ipi, ya muhuri au ya "Sawa".

Mtunza Mitambo

Moja "Sawa" iliandikwa siku 12 baada ya muhuri, na hela iliingia siku ya 29 tangu muhuri. Kama wangehesabu tangu "Sawa", wangekuwa na karibu wiki mbili zaidi. Ya pili tarehe zote mbili ni ileile.

Mzee wa Rasimu

Ya pili haisemi lolote. Ya kwanza inakusaidia, ila kulipa mapema si lazima kuwa kukiri wajibu. Watasema walikuwa waungwana. Je, kuna kifungu kwamba kutodai haki si kuiacha?

Mtunza Mitambo

Kipo, cha 14. Wakili hakukigusa nacho.

Mzee wa Rasimu

Watakishika hicho. Kinazuia wewe kusema wameiacha haki yao. Kama kinazuia pia matendo kutumika kuonyesha kwamba haki hiyo haikuwepo tangu mwanzo, hapo mawakili hatukubaliani, na msuluhishi wako anaweza kwenda upande wowote. Ndiyo maana ningeweka vifungu vya 9 na 11 mbele na malipo nyuma.

Mtunza Mitambo

Kesho narudi ofisini kwake na orodha hii: vifungu vya 9, 11 na 14, kiambatisho, ripoti zote kwa tarehe, na swali la sheria ipi inatawala. Aandike upya, bila kunitoza tena. Akikataa nitaomba faili langu.