Tupeane uzoefu: Unachukua viazi kwa ndugu shambani, unauza mwenyewe majumbani na migahawani

Mpwa wa Mkulima
Habari zenu wadau. Mjomba wangu analima viazi mviringo, nami ninaishi mjini. Navinunua kwake kwa jumla, kisha navipeleka moja kwa moja kwa familia na migahawa bila kupitia sokoni. Wateja ninao na mzigo unatoka. Kinachonisumbua ni kwamba faida ninayoiona kwenye karatasi siioni mfukoni, na mjomba naye ameanza kusema namlalia kwenye bei. Waliowahi kufanya biashara ya namna hii na ndugu, tupeane uzoefu. Hesabu zenu zinakaaje?

Jembe Kali
Ndugu, usikate tamaa na kilimo. Kwenye viazi anza na mbegu safi, panda mistari yenye nafasi, na dawa ya ukungu usiicheleweshe mvua zikikaza. Mavuno yakiwa mengi, faida itakuja.

Mpwa wa Mkulima
Ahsante mkuu, ila mimi silimi. Mjomba ndiye analima, mimi nanunua na kuuza.

Mama Mizani
Nimepeleka viazi kwenye migahawa kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakujibu kwa mfano. Namba nimezirahisisha, weka za kwako.

Tuseme umechukua kilo 1,000 kwa mjomba, kila kilo kwa 10. Kupakia na kusafirisha kumekula 2 kwa kilo. Mzigo umefika mjini ukiwa umekugharimu 12,000. Mgahawa unanunua kilo kwa 20. Mtu akiziangalia namba hizo tu atasema unapata 8 kwa kila kilo, yaani 8,000 kwa mzigo mzima. Mjomba wako anapiga hesabu hiyo hiyo, ndiyo maana ananung'unika.

Sasa mwaga magunia uchambue. Mgahawa wa chipsi unataka viazi vikubwa, tuseme umepata kilo 600. Vya kati vinavyofaa majumbani ni kilo 250. Vidogo na vilivyokatwa na jembe ni kilo 90. Kilo 60 zilizobaki ni udongo, vilivyooza, na maji yaliyokauka njiani. Vikubwa vinakupa 12,000. Vya kati ukiviuza kwa 16 vinakupa 4,000. Vidogo ukivisukuma kwa 5 unapata 450. Jumla ni 16,450. Toa ule mtaji wa 12,000 inabaki 4,450, na hapo hujalipa bodaboda wa kusambaza, mifuko wala pango la stoo. Ukitumia 2,000 kwa hayo, umebaki na 2,450.

Kwa hiyo usipange bei kwa kuangalia kilo ulizonunua. Gawa 12,000 kwa zile kilo 850 unazoweza kuuza vizuri, utaona kila moja imekugharimu zaidi ya 14. Mteja wa nyumbani akikubana hadi 14, unamwuzia kwa hasara huku ukidhani umepata 2.

Gunia Moja
Mama Mizani umesema kweli. Mimi dawa yangu ni jokofu. Viazi vikikaa kwenye baridi havioti wala havinyauki, kwa hiyo zile kilo 60 zinapungua. Vikianza ukijani navyo wala si shida, ni rangi ya ganda tu, ukimenya imeisha.

Mpishi wa Zamu
Hapo kwenye jokofu uko sawa nusu. Ni kweli havitaota haraka, lakini kiazi kikikaa kwenye baridi kali kinageuza wanga kuwa sukari. Ukikikaanga, chipsi zinakuwa nyeusi kabla hazijaiva ndani na zina utamu usioeleweka. Mimi niko jikoni: muuzaji akituletea vya hivyo tunakaanga vichache vya majaribio, na mzigo unarudi naye. Kwa chipsi, viweke mahali pakavu, pa giza, penye hewa na ubaridi wa kawaida tu, si wa jokofu.

Ukijani wenyewe kweli ni rangi tu, lakini unakuambia kwamba kiazi kimekaa kwenye mwanga, na mwanga huo huo unaongeza sumu inayokifanya kiwe kichungu. Doa dogo unalikata kwa kina pamoja na nyama yake. Kikiwa kijani sehemu kubwa, au kikiwa kichungu, tupa, maana kupika hakuiondoi sumu hiyo. Magunia yafunikeni, hata kwenye gari.

Shemeji wa Nyanya
Mimi nachukua nyanya kwa kaka wa mke wangu, na afadhali yenu mnaoweza kuweka mzigo stoo! Nyanya zikifika zimeiva zote, nina siku chache tu. Siku hizi namwomba achume zikiwa ndiyo kwanza zinaanza kubadilika rangi, zinaivia kwangu. Ila yeye anasema nzito ni zile zilizoiva na anataka nizipime hizo. Bado tunavutana.

Mama Mizani
Shemeji, nyanya zina mambo yake. Turudi kwenye viazi, kuna jambo moja nililiruka. Hasara yako inaanza siku mjomba anapochimba. Kabla hajapakia, chukua kiazi usugue ganda kwa kidole gumba. Likichubuka, kimechimbwa kichanga: kitapoteza maji haraka, kitachubukana kwenye gunia, na kuoza kutaanzia hapo. Mashina yakishakauka au kukatwa, viazi vikae ardhini wiki mbili hadi tatu ganda likaze. Tatizo ni kwamba ndugu akiwa na shida ya pesa hasubiri, nawe unaona aibu kukataa mzigo wa mjomba. Mfanyabiashara wa kawaida angekataa palepale.

Na usivioshe ili vipendeze. Ukiviosha vikabaki na maji vinaoza mapema.

Mpwa wa Mkulima
Hapo kwenye ganda ndipo hasa. Mzigo uliopita ulikuwa unachubuka wote. Na malipo je? Mgahawa mmoja unachukua kilo 150 kwa wiki na kulipa baada ya siku 30.

Mama Mizani
Basi vile vikubwa vyote 600 vitakuwa vimeishia kwao kabla hujashika senti ya kwanza, na mjomba anataka taslimu shambani. Ile 12,000 iko jikoni kwa watu. Ama uwe na mtaji wa mizigo miwili, ama mgahawa ulipe wa wiki iliyopita kabla ya kupokea mpya. Familia zinazolipa papo hapo usizidharau hata kama zinanunua kidogo, ndizo zinazokulipia gari.

Binti Stoo
Mimi na baba mdogo tulihamia mali kauli: ananipa mzigo, namlipa nikiuza. Tunachambua palepale shambani, vikubwa vina bei yake na vya kati bei yake, vidogo vinabaki kwake kwa chakula au mbegu. Tunapima mbele ya watu wawili, kila mmoja anaandika kwenye daftari lake. Bei ninayouzia mjini namwonyesha, pamoja na gharama zote.

Mama Mizani
Kuchambua shambani nakuunga mkono. Kumwonyesha bei ya mjini, hapana. Bei ikishuka hatakumbuka, ikipanda atataka nyongeza.

Binti Stoo
Baba mdogo aliacha kulalamika siku alipoona risiti za gari. Ila mali kauli ina ugumu wake: vikioza mkononi mwangu, hasara ni ya nani? Hilo hatujakubaliana mpaka leo.

Mpwa wa Mkulima
Mavuno yajayo nakwenda na mizani yangu, na tutachambua shambani kabla ya kupakia. Vidogo mjomba atabaki navyo, ila vikubwa nitamwongezea bei kidogo ili asione amepunjwa. Mwenye makubaliano ya mali kauli yanayosema wazi nani anabeba vilivyooza, naomba aniandikie mlivyoyaweka.