Jenereta inawaka freshi ila volti zimepanda mpaka 280, naomba ushauri

Wakuu habari zenu, niko Igombe huku Mwanza, nina jenereta ya petroli ya 5 kVA ya friza za samaki. Injini haina shida, bila lodi mita inasoma 51 Hz kwahiyo sio mambo ya spidi.

Mwanzo volti zilikuwa zinacheza kwenye 160, ukigonga kifuniko cha nyuma zinaruka mpaka 220 halafu zinashuka tena. Kufungua nikakuta brashi moja imelika imebaki kama milimita 4, springi haiikandamizi tena na zile pete za shaba kwenye rota zimepiga weusi. Nikapitisha msasa laini, nikafunga brashi mpya, ikatulia 225.

Sasa juzi imegeuka, inatoa 280 na taa imeungua, bahati friza zilikuwa hazijachomekwa. Kile kiskrubu cha kurekebisha volti kwenye AVR ukizungusha hakibadilishi kitu. Nikachomoa AVR, nikapeleka betri ya 12 V kwenye brashi, chanya kwa chanya, ikatoa volti 110 hivi zimetulia kabisa, kwahiyo rota na koili naona ziko poa.

Fundi anasema ninunue AVR tu, ila mimi nashuku zile waya za kusomea volti, maana AVR isiposoma kitu inasukuma umeme wote kwenye rota, na plagi yake imeota kutu ya kijani, unyevu wa ziwa huu mnaujua. Hizo waya nazipimaje kabla sijatoa hela?